Much, many, few na little: kanuni ya kuhesabika inapokuacha njiani

*"Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita. Kila insha yangu ya Kiingereza ikirudi, much, many, few na little zimezungushiwa wino mwekundu. Kanuni naijua: many kwa vinavyohesabika, much kwa visivyohesabika. Lakini niliandika 'many informations' nikakosa, na 'few people helped us, so we finished the work' nayo nikakosa, wakati watu wanahesabika kabisa. Few na a few zinatofautiana nini, na little na a little? Nitajuaje la kuandika kwenye chumba cha mtihani bila kubahatisha?"*

Marahaba. Kanuni uliyonayo ni sahihi, ila inafanya nusu tu ya kazi, na hiyo nusu yenyewe wengi huielewa vibaya. Makosa yako mawili hayana chanzo kimoja. Kwenye "many informations" kosa liko katika nomino: neno ulilolitanguliza halipatani na neno linalofuata. Kwenye "few people" sarufi haina ubaya wowote, kila neno limekaa mahali pake, ila sentensi inasema kinyume cha ulichotaka kusema. Dawa zake ni mbili tofauti, kwa hiyo tutazitazama moja baada ya nyingine.

Tuanze na kuhesabika. Mwanafunzi akiambiwa "kinachohesabika", akili yake hukimbilia kitu chenyewe: je, naweza kukihesabu? Kwa kipimo hicho hakuna kinachohesabika kama fedha. Benki kuna watu wanaolipwa mshahara kwa kuzihesabu tangu asubuhi hadi jioni. Hata hivyo Kiingereza kinasema "much money", hakisemi "many moneys". Samani nazo unaweza kuzihesabu ukiwa umesimama mlangoni: viti sita, meza moja, kabati mbili. Bado ni "much furniture". Kinachoangaliwa na Kiingereza si kitu, ni neno. Neno *chair* lina umoja na lina wingi, *chairs*, kwa hiyo linakubali *many*. Neno *furniture* halina wingi, kwa hiyo litabaki na *much* hata samani zikijaa ukumbi mzima. Ndivyo ilivyo pia kwa *shilling* na *money*: la kwanza linahesabika, la pili halihesabiki, ingawa noti mkononi ni zilezile.

Ukitaka kuona kwamba hili ni suala la desturi ya lugha na si la mantiki, ingia jikoni. Mchele ni *rice*, na Kiingereza hakiuhesabu. Maharage ni *beans*, na hayo kinayahesabu: "many beans", "a few beans". Vyote ni punje, vyote vinapimwa kwa kilo dukani, na sijawahi kumwona mtu akinunua maharage kumi na mawili. Ukidai sababu hutapata itakayokusaidia kwenye mtihani, kama ambavyo wewe huwezi kumweleza mgeni kwa nini mkate na mlima vikawekwa katika ngeli moja.

Sasa tuje kwenye mtego unaotuhusu sisi tunaofikiri kwa Kiswahili. Kwetu *-ingi* inatosha kwa kila kitu: watu wengi, maji mengi, sukari nyingi, uji mwingi. Kinachobadilika ni kiambishi cha ngeli, na hicho ndicho kinachotuponza. Sikiliza "maji mengi" na "matunda mengi". Kwa sikio ni kitu kimoja: *ma-* kwenye nomino, *me-* kwenye kivumishi. Lakini matunda ni wingi halisi wa tunda, na maji hayana umoja wowote. Kosa la "many waters" wengi hulivuka mapema, kwa sababu *water* hufundishwa tangu shule ya msingi. Yanayopenya bila kukaguliwa ni maneno ya dhana yenye umbo lilelile. Maarifa mengi yanageuka "many knowledges", mafunzo mengi yanakuwa "many trainings", maendeleo mengi yanakuwa "many progresses". Sikio limesikia *ma-*, mkono ukaongeza *s*.

Ngeli ya i-zi ina mtego wake. "Nyumba nyingi" na "sukari nyingi" zina kivumishi kilekile, ilhali nyumba zinahesabika na sukari haihesabiki. Kwa hiyo ukiwaza "habari nyingi", Kiswahili chako hakikupi dalili yoyote ya kukuongoza, na hapo ndipo "informations" ilipokupata. Halafu kuna maneno ambayo kwetu ni wingi kweli, si kwa umbo tu: kifaa kimoja, vifaa vingi, mzigo mmoja, mizigo mingi, utafiti mmoja, tafiti nyingi. Hapo Kiswahili na Kiingereza vimeachana kabisa, kwa sababu *equipment*, *luggage* na *research* hazichukui *s* wala hazikubali *many*. Wingi wa neno la Kiswahili usiuchukue kuwa ushahidi wa jambo lolote upande wa pili.

Kwa bahati nzuri, nomino zinazowaangusha wanafunzi ni zilezile mwaka hadi mwaka, na hazijazi hata nusu ukurasa wa daftari. Zangu ninazowapa wanafunzi ni *information*, *news*, *advice*, *knowledge*, *evidence*, *research*, *progress*, *equipment*, *furniture*, *luggage*, *homework*, *work*, *money*, *traffic* na *training*. Zote hizo ni za *much* na *little*, na kitenzi chake ni cha umoja. Angalia *news* kwa makini, maana ina *s* ambayo si ya wingi: "The news is good", kamwe si "The news are good".

Ukilazimika kuhesabu kimojawapo, una njia mbili. Ya kwanza ni kutanguliza *piece*: "two pieces of advice", "many pieces of equipment". Ni sahihi, ila ukiitumia mara tatu katika aya moja insha inakuwa nzito. Mimi napenda zaidi njia ya pili, ambayo ni kubadilisha nomino. Badala ya kuhangaika na *research* andika "many studies". Badala ya *information* andika "many facts", badala ya *equipment* andika "many tools", na badala ya *work* andika "many jobs" kama unazungumzia ajira. Sentensi inakuwa nyepesi, na neno *many* linapata nomino inayoliridhia.

Yapo maneno yenye sura mbili, na haya hayakaririki, yanataka uelewe maana. *Time* ikiwa ni muda haihesabiki: "We did not have much time". Ikiwa ni mara, inahesabika: "We tried many times". *Experience* ikiwa ni uzoefu wa kazi haihesabiki, ikiwa ni mambo yaliyokupata inahesabika. Na *work* ni ya hatari kidogo, kwa sababu "many works" ipo katika Kiingereza, ila maana yake ni kazi za sanaa, kama picha za mchoraji au maandishi ya mwandishi. Ukiandika "My mother has many works at home" umemfanya mama mzazi kuwa msanii mwenye maonyesho sebuleni.

Kamusi nyingi za wanaojifunza Kiingereza huweka herufi C kwenye nomino inayohesabika na U kwenye isiyohesabika. Wengi huisoma maana wakairuka herufi. Ukikuta zote mbili, usikate tamaa: soma maana zilizopewa namba, maana kila namba huwa na herufi yake. Kwa *experience* utaona U kwenye maana ya uzoefu na C kwenye maana ya tukio, na swali lako limejibiwa.

Kuna pia mtego wa upande wa pili, ambao ni mdogo. *People*, *cattle* na *police* hazina *s*, na mwanafunzi anayetafuta *s* huzidhania za umoja. Zote ni za wingi. Ni "many people", "few cattle", na kitenzi ni *are*.

Utaniambia kwamba "informations", "equipments" na "trainings" unazisikia kila siku ofisini, kwenye semina na kwenye barua zenye mihuri. Ni kweli, na watu wanaelewana vizuri tu. Sisemi kwamba wanaozitumia hawajui Kiingereza. Nasema msahihishaji wa mtihani anapima Kiingereza sanifu cha maandishi, na kwake hizo ni alama zinazokatwa.

Sasa tuingie kwenye sentensi yako ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye somo zaidi. "Few people helped us, so we finished the work." Wewe ulikuwa na picha ya majirani watano au sita waliojitokeza na majembe, mkashirikiana, kazi ikaisha. Msahihishaji alisoma hivi: waliotusaidia walikuwa haba mno, karibu hakuna, *kwa hiyo* tukamaliza kazi. Akabaki anajiuliza hiyo "kwa hiyo" imetokea wapi.

Wengi wanafundishwa kwamba *few* ni pungufu kuliko *a few*, kana kwamba moja ni watu wawili na nyingine ni watu watano. Sivyo. Idadi inaweza kuwa ileile kabisa. Kinachotofautiana ni macho ya mwandishi yameelekea wapi. Aliyeandika *a few* anawatazama waliokuja na kusema wapo. Aliyeandika *few* anawatazama wasiokuja na kusema wamekosekana. Majirani walewale watano unaweza kuwaita "a few neighbours" ukiwa unawashukuru, na "few neighbours" ukiwa unalalamika kwamba mtaa mzima umekutupa.

Kiswahili kinaijua tofauti hiyo, ila kinaiweka mahali pengine. "Watu wachache walikuja, tukaanza kazi" na "Watu wachache tu ndio waliokuja, mkutano ukaahirishwa" zina *wachache* ileile. Tofauti tumeibebesha *tu* na *ndio*, pamoja na kiimbo cha sauti. Kiingereza kimeibebesha yote herufi moja, *a*, na kwa kuwa herufi hiyo haina mwenzake kwetu, mkono unaiacha bila dhamiri kusuta.

Kwamba *few* ni nusu kikanushi si maoni yangu, sarufi yenyewe inaonyesha. Unajua neno *any* hupenda sentensi za kukanusha: "Nobody had any money". Sasa jaribu: "Few villagers had any money" inakubalika kabisa. "A few villagers had any money" haikubaliki, itakubidi uandike *some*. Au chukua kiulizo kidogo cha mwisho wa sentensi. "Nobody came, did they?" Vivyo hivyo, "Few people came, did they?" Lakini ni "A few people came, didn't they?" Kiingereza kinaiweka *few* upande wa *nobody*, na *a few* upande wa *some*.

Kutokana na hilo unapata jaribio la chumba cha mtihani. Ondoa *few*, weka *not many*. Ondoa *little*, weka *not much*. Sentensi ikiendelea kusema unachokusudia, iache bila *a*. Ikivurugika, rudisha *a*. Tuijaribu yako: "Not many people helped us, so we finished the work." Imevurugika. Weka *some*: "Some people helped us, so we finished the work." Imekaa. Basi ulihitaji *a few*.

Angalia pia kiunganishi, maana ndicho kilichokuumbua. *Few* ikifuatwa na *so*, msomaji anangoja matokeo mabaya: "Few people helped us, so the work took three weeks." Ikifuatwa na *but*, anangoja matokeo mazuri: "Few people helped us, but we finished the work." Kwa *a few* mambo yanageuka: *so* inaleta mazuri na *but* inaleta mabaya. Kwa hiyo sentensi yako ingeweza kuponywa kwa njia mbili. Ungeongeza *a*, ukapata hadithi ya majirani waliosaidia. Au ungebadilisha *so* kuwa *but*, ukapata hadithi ya watu waliomaliza kazi ingawa wametelekezwa. Zote ni Kiingereza safi. Ni wewe tu unayejua siku hiyo ilikuwaje.

*Little* na *a little* zinafuata njia ileile, kwa nomino zisizohesabika. Ndoo iko robo. "We had little water, so we went to the river" ni maneno ya anayeona ndoo tupu. "We had a little water, so we made porridge" ni ya anayeona robo iliyobaki. Maji ni yaleyale.

Ila *little* ina hila yake ya ziada, nayo ni kwamba inamaanisha pia *-dogo* ya umbo. Ukiiweka mbele ya nomino inayohesabika yenye wingi, msomaji ataielewa kwa maana hiyo. "Our school has little teachers" haisemi walimu hawatoshi, inasema walimu wenu ni wafupi au wadogo wa mwili. Ushauri wangu kwa insha za mtihani ni kuiachia *small* kazi ya umbo, na *little* ibaki ya kiasi tu.

Na hapa Kiswahili kinaingiza mguu tena, kupitia *kidogo* yetu ya adabu. Tunasema "kuna tatizo kidogo" tukimaanisha tatizo lipo, ila tunalilainisha. Mwanafunzi anaandika "There is little problem", na sentensi hiyo, kwanza, inaiweka *little* kwenye nomino inayohesabika, na pili, anayejitahidi kuielewa atadhani hakuna tatizo la kuzungumzia. Andika "There is a small problem". "Najua Kiingereza kidogo" nayo ina njia panda: "I know a little English" inasema utaweza kuelewana na mgeni, "I know little English" inaomba atafutwe mkalimani.

Yako maneno madogo yanayopenda kukaa mbele ya haya, na yanastahili uangalizi. *Very* inakuja bila *a*: "very few people", "very little water". *Only* inaidai *a*: "only a few people", "only a little water", na maana yake inarudi kwenye uhaba ingawa *a* ipo. "Only few people" ni kosa ninalokutana nalo hata kwenye maandishi ya watu waliosoma sana. Halafu kuna "quite a few", ambayo ukiifasiri neno kwa neno utapata uchache, wakati maana yake ni wengi kiasi cha kutosha. Hiyo huhitaji kuiandika, lakini ukiikuta kwenye kifungu cha ufahamu isikudanganye.

Nirudi kwa *much*, maana ina tabia ambayo kanuni yako haiigusi. "We have much money" haina kosa la nomino, lakini kwa sikio la mwenye lugha inakwaruza. *Much* hupenda kukaa kwenye sentensi ya kukanusha, kwenye swali, au nyuma ya *too*, *so*, *very*, *as* na *how*: "We do not have much money", "too much money". Katika sentensi yakinishi ya kawaida watu husema "a lot of money", na kwenye insha rasmi unaweza kuandika "a great deal of money". Isipokuwa mwanzoni mwa sentensi, ikiwa na nomino ya dhana, hapo maandishi rasmi yanaikaribisha: "Much time was lost". *Many* haina masharti haya.

Najua unachokifikiria: basi niandike *a lot of* kila mahali, maana inakubali nomino za aina zote mbili. Ni njia halali, na ukibanwa na muda itumie. Ila ina mipaka miwili. Msahihishaji akiikuta kila mstari anajua unakwepa, na ni ya mazungumzo zaidi kuliko ya insha. Kubwa zaidi, haiponyi nomino. "A lot of informations" ina kosa lilelile la "many informations", kwa kuwa ugonjwa haukuwa kwenye *many*, ulikuwa kwenye *s*.

Kosa jingine linalotembea na haya ni *of* inayotokana na "wengi wa wanafunzi". Kwa Kiingereza ni "many students" ukizungumzia wanafunzi kwa jumla, na "many of the students" ukizungumzia kundi linalojulikana, tuseme wa shule yenu. *Of* ikiingia baada ya maneno haya manne, lazima ifuatwe na *the*, *my*, *these* au neno la jamii hiyo, au kiwakilishi kama *them*. "Many of students" haipo.

Sasa tuifanyie kazi aya nzima. Nimeitunga kwa kukusanya makosa ninayoyaona mara kwa mara:

"There are many researches about water in our village, but little people know the results. The government brought many equipments and few villagers were trained, so the pump is working today. In the dry season there is few water. Much women walk to the river. We need many advices."

Sentensi ya kwanza ina kasoro mbili. *Researches* tunaibadilisha kuwa *studies*. "Little people" ni watu wafupi, na *people* ni ya wingi, kwa hiyo ni *few* au *a few*. Jaribu *not many*: "but not many people know the results". Imekaa, na *but* inaleta habari mbaya baada ya nzuri, basi hakuna *a*. Tunapata "Many studies have been done on the water in our village, but few people know the results."

Ya pili inafanana na yako. *Equipments* inapoteza *s*, na kwa kuwa sentensi ni yakinishi tunaandika "a lot of equipment". Kisha "few villagers were trained, so the pump is working". Pampu inafanya kazi kwa sababu wapo waliofundishwa. Macho yako kwa waliopo, basi ni "a few villagers were trained, so the pump is working today". Ona kwamba mwandishi angeweza kuwa na mawazo mengine: kama pampu imekufa, angeandika "few villagers were trained, so the pump is not working", na herufi ileile ingeondoka.

Ya tatu ina *few* mbele ya *water*, neno lisilo na wingi. Ni *little* au *a little*, na hapa siwezi kukuamulia kabla sijajua kinachofuata. Kinachofuata ni wanawake kwenda mtoni, kwa hiyo maji hayatoshi: "In the dry season there is little water, so many women walk to the river." Hapo tumeunganisha na ya nne na kuondoa "much women" kwa mpigo mmoja. Lakini kama mwandishi angetaka kusema yapo ya kunywa ila hayatoshi kufulia, ingekuwa "there is a little water to drink, but not enough to wash clothes".

Ya mwisho, "We need many advices", wengi wangeirekebisha kuwa "much advice". Mimi ningeifuta kabisa hiyo *much*. "We need advice on how to look after the pump." Kiasi cha ushauri hakimsaidii msomaji, ila kujua ni ushauri wa nini kunamsaidia. Mara nyingi neno la kiasi linaingia kwenye insha kwa mazoea tu, na likitolewa hakuna anayelikumbuka.

Kwa mtihani wenyewe, bakiza dakika chache mwishoni uwinde maneno haya peke yake. Usisome insha yote, tafuta *much*, *many*, *few* na *little* kwa macho. Ukifika kwenye moja, itazame kwanza nomino inayofuata: ina wingi katika Kiingereza au haina? Baada ya kupata jozi sahihi, ndipo uulize habari ya *a*. Mwanafunzi anayeanza na *a* kabla ya nomino hujikuta ameandika "a few water" kwa kujiamini kabisa. *Fewer* na *less* nazo zimegawana hivyohivyo, *fewer* ya vinavyohesabika na *less* ya visivyohesabika, isipokuwa umbali, muda na fedha vinachukuliwa kama kiasi kizima: "less than 10 kilometres", "less than 5,000 shillings".

Kama wino mwekundu unaishia kwenye maneno haya manne, utajimudu mwenyewe kwa jaribio la *not many* na ile nusu ukurasa ya nomino. Lakini zitazame insha zako za nyuma. Ukikuta *a* na *the* zimeongezwa au kufutwa na mwalimu karibu kila mstari, shida yako ni pana kuliko *few*, na haitatibika kwa maandishi kama haya. Mpelekee mwalimu wako wa Kiingereza insha mbili ulizoandika bila msaada, bila kuzisafisha kwanza, ukae naye azisome mbele yako. Kila mtakapofika kwenye *few* au *little*, mwombe asikurekebishe papo hapo, bali akuulize kwa Kiswahili: hao watu, au hayo maji, ulitaka kusema yalitosha au hayakutosha? Ukijibu haraka, kinachokosekana ni Kiingereza tu. Ukisitasita, ujue sentensi ilikuwa haijaamuliwa hata kabla hujashika kalamu.